Chati mtiririko haisomwi kama ukurasa

Nina picha ya skrini ya chati mtiririko. Nitaigeuzaje iwe hatua zenye namba bila matawi ya ndiyo na hapana kuvurugika?

Orodhesha mishale kwanza, maneno baadaye. Kila mshale uandikie mstari wake: unatoka wapi, unaingia wapi, na una neno gani juu yake. Namba zitatoka kwenye orodha hiyo, wala si kwenye mahali kisanduku kilipochorwa.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa na chati ya maombi ya likizo yenye maumbo 9, nikainakili kama mtu asomaye barua: juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Kisanduku cha “Mrudishie mwombaji” kilikuwa kushoto kwa almasi ya “Imejazwa yote?”, na “Msimamizi asaini” kilikaa sambamba na “Mkurugenzi asaini”. Basi utaratibu wangu ulimtaka karani apokee fomu, airudishe kwa mwenyewe, kisha ndipo aangalie kama imejazwa. Baadaye wakubwa wote wawili wasaini, hata kwa likizo ya siku moja. Orodha ilikuwa nadhifu sana, na hilo ndilo lililonidanganya. Programu inayochopoa maandishi kwenye picha huangukia shimo hilohilo, kwa kuwa huokota maneno na kuiacha mishale. Mchoraji huweka kisanduku palipo na nafasi. Mahali pake hapaahidi lolote kuhusu zamu yake.

Maumbo yenyewe hayana fumbo. Kiwango cha ISO 5807 cha mwaka 1985 kinaeleza alama hizi, na inatosha kujua kwamba almasi ni swali na mstatili ni kitendo.

Kazi iko kwenye matawi. Chukulia chati kuwa njia za miguu na kila almasi kuwa njia panda. Ukifika njia panda, chagua njia moja, na kwenye mdomo wa ile uliyoiacha weka kokoto. Tembea mpaka njia iishe, au ufike mahali penye namba tayari, au ufike makutano, yaani kisanduku kinachoingiwa na mishale miwili au zaidi. Kwenye makutano simama mlangoni, usiingie. Rudi kwenye kokoto la mwisho, tembea njia yake. Makutano hupata namba pale tu njia zote zinazoingia zimeshatembewa.

Katika chati yangu, swali la “Siku zinazidi 5?” likijibiwa ndiyo unafika kwa mkurugenzi, kisha mlangoni pa “Sajili”. Unasimama. Unarudi kwenye kokoto, unapita kwa msimamizi, unafika mlango uleule. Sasa ingia, uupe namba 4. Ungeingia mara ya kwanza, usajili ungemezwa na tawi la mkurugenzi, na likizo fupi zisingesajiliwa kamwe.

Kuna kizuizi kimoja. “Pokea fomu” nayo inaingiwa na mishale miwili, mmoja ukitoka “Anza” na mwingine kwa mwombaji aliyerudishiwa. Ukiusubiri huu wa pili utasubiri milele, kwani huwezi kuufikia bila kupita hapo kwanza. Kokoto zikikuishia ungali mlangoni, ujue unasubiri mshale unaorudi nyuma. Usiuhesabu kama njia ya kuingilia. Uandike “rudi hatua ya”.

1. Pokea fomu.
2. Angalia kama imejazwa yote.
 2a. Hapana: mrudishie mwombaji, kisha rudi hatua ya 1.
 2b. Ndiyo: nenda hatua ya 3.
3. Angalia kama siku zinazidi 5.
 3a. Ndiyo: mkurugenzi asaini, kisha nenda hatua ya 4.
 3b. Hapana: msimamizi asaini, kisha nenda hatua ya 4.
4. Sajili. Mwisho.

Tawi lipi litangulie ni hiari ya mwandishi. Mimi hutanguliza linalorudi nyuma, lipite upesi.

Kuna na hesabu ndogo ya kukagua, ambayo naipenda kupita kiasi. Kila umbo hutoa mshale mmoja, almasi ya ndiyo na hapana hutoa miwili, mwisho hautoi. Kwa hiyo mishale ni idadi ya maumbo, toa miisho, jumlisha almasi: 9 − 1 + 2 = 10. Ukipata 9, kuza picha. Huenda kuna mstari hafifu uliokupita. Hesabu mikia, usihesabu vichwa, maana mistari miwili inaweza kuungana njiani na kuishia kwenye kichwa kimoja. Na almasi yenye majibu matatu huongeza miwili, si mmoja.

Ukikuta duara dogo lenye herufi pekee, kama A, chati inaendelea kwenye duara jingine lenye A. Kama halimo pichani, picha imekatwa. Omba kipande kilichobaki kabla ya kuandika namba yoyote.