Kisogo cha mtoto kimepukutika: nimnyoe au nimwache?

Swali: Mwanangu ana miezi mitatu na nusu. Alizaliwa na nywele nyingi, lakini sasa kisogoni kumekuwa kweupe na mbele zimebaki nyuzinyuzi, ndefu huku fupi kule. Mama mkwe anasema nimnyoe kwa wembe ndiyo zije nzito. Nifanyeje? (Mama, Makorora, Tanga)

Jibu: Hapo hamna ugonjwa, mama. Nywele za kisogoni huwa zimeshamaliza muda wake wa kukua mtoto anapozaliwa, na miezi miwili mitatu baadaye hung'oka. Godoro humalizia tu kazi, maana mtoto analala chali. Usimgeuze kulala kifudifudi kwa ajili ya nywele. Chali ndiko salama. Akiwa macho, mlaze kwa tumbo juu ya mkeka dakika chache, ukae naye. Kwa kawaida kisogo hufunika kabla ya kutimiza mwaka.

Pitisha kidole pale peupe. Ngozi ikiwa laini, subiri. Ukikuta mduara wenye magamba na nywele zilizokatika kama visiki, hayo huenda ni mapunye. Mpeleke kliniki, kwa sababu mapunye ya kichwani hutaka dawa ya kunywa. Ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi.

Kuhusu uzito wa nywele, mama mkwe ameona kweli ila sababu siyo hiyo. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba. Uliokatwa huota na ncha butu, ukiugusa unakwaruza, unaonekana mnene. Shina liko chini ya ngozi, wembe haulifikii.

Swali: Basi ninyoe lini, na utosi je?

Jibu: Kitabibu hakuna umri maalumu. Wanaonyoa siku ya saba kwa akika wanafanya ibada, na hakuna ubaya mkono ukiwa mwepesi. Kama shida yako ni zile nyuzi tu, mkasi wenye ncha butu unatosha, na mimi ningeishia hapo.

Mkiamua wembe, uwe mpya, utolewe kwenye karatasi yake mbele yako. Wembe uliokwisha kutumika unaweza kupitisha homa ya ini. Mnyonyeshe kwanza, kisha umpakate, mtu mwingine akishika kichwa. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu na povu la sabuni ya mtoto, vuta ngozi kidogo kwa kidole gumba, nyoa kufuata nywele zinakolalia. Utosini pita juu juu bila kukandamiza. Akianza kujitupa, acha. Nusu iliyobaki itangoja kesho, hata majirani wakicheka.

Akikatika, bana kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia. Usipake majivu wala mate. Damu isipokoma, au kesho yake pakavimba na kuwa pa moto, nenda kituo cha afya.