Mota ya kilowati 7.5, konveya inapata 5

Tuchukue konveya inayopandisha mahindi kwenda kwenye silo. Ngoma yake inahitaji kilowati 5 ili izunguke ikiwa na mzigo kamili. Mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha giaboksi, giaboksi inashikana na ngoma kwa kaplingi. Je, tufunge mota ya 5.5?

Wengi hujibu ndiyo, kwa sababu huchukua wastani wa ufanisi wa vifaa na kuona hasara ni ndogo. Lakini kila kifaa hula kutoka kwenye kile kilichobakizwa na mwenzake, kwa hiyo asilimia huzidishwa. Mkanda wa V uliokazwa vizuri hupitisha kama 0.95. Kaplingi ya mpira ni 0.99. Giaboksi yetu ni ya aina ya skrubu, yaani shafti yenye nyuzi inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi, na kwa uwiano wa 30 kwa 1 tuihesabu 0.78. Hivyo:

0.95 × 0.78 × 0.99 = 0.734

Gawanya 5 kwa 0.734, unapata kilowati 6.8 kwenye shafti ya mota. Ile ya 5.5 ingeungua, tunafunga ya 7.5. Na namba iliyo kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Mota ikiwa na ufanisi wa 0.90, mita itasoma kama kilowati 7.6.

Sasa tazama hasara imekaa wapi. Mkanda umepoteza wati 340, kaplingi 50 tu. Giaboksi imepoteza wati 1,400 na zaidi, kama pasi ya umeme iliyowashwa ndani ya oili kutwa nzima. Ndiyo maana giaboksi za skrubu huwa na mapezi ya kupoza. Ukiweka ya meno ya mshazari, hatua mbili, yenye 0.96, umeme unaoingia hushuka hadi kilowati 6.2 hivi. Ila nyuzi za skrubu, kwa msuguano wake, husaidia kuzuia konveya isirudi nyuma umeme ukikatika. Giaboksi ya mshazari haina kizuizi hicho, lazima ufunge breki au kizuia-kurudi.

Kwenye mkanda, usikisie. Puli ya mota ikiwa milimita 150 na ya giaboksi 300, mota ikizunguka mara 1,450 kwa dakika, giaboksi inatakiwa kupokea 725. Pima kwa takometa. Ukisoma 715, ni mtelezo wa kawaida. Ukisoma 680, asilimia 6 ya nguvu inaishia kwenye mpira, na puli utaikuta ya moto na inang'aa ndani ya mfereji.

Kaplingi haikuibii umeme wa kutajika hata ikipinda kidogo. Kupinda huko huua beringi.