Android Auto inakatika ukifika Magomeni? Tazama saa kwanza

Mteja wangu mmoja hutoka Kimara kwenda Posta kila asubuhi na Harrier yake. Alinijia amenuna: "Fundi, Android Auto inakata kila nikifika Magomeni. Si ile minara ya simu inaingiliana?"

Wazo halikuwa baya. Android Auto huleta ramani na muziki wa simu kwenye skrini ya redio ya gari. Ikitumika bila waya, Bluetooth kazi yake ni kuikutanisha simu na redio na kuipa simu nywila ya Wi-Fi ya redio. Baada ya hapo ramani na muziki hupita kwenye Wi-Fi, kwa kawaida ile ya 5 GHz. Simu huibana picha ya ramani kama video na kuirusha, redio huifungua. Kipande kikipotea hewani hutumwa tena, na kikichelewa ndipo unaona ramani imeganda. Ila minara ya simu kwa kawaida haitumii masafa hayo. Ningeshuku kwanza Wi-Fi za maduka na magari ya jirani kwenye foleni.

Nikamwomba apite njia ileile Jumapili. Alipita Magomeni haraka, haikukata. Jumatatu ikakata tena, safari hii kabla hajafika Magomeni, kwa sababu foleni ilianzia mbali. Kumbe tatizo lilifuata dakika: takribani 40 tangu awashe gari.

Nilimuuliza simu anaiweka wapi. Kwenye kitako cha kuchajia bila waya, chini ya kioo cha mbele, jua la asubuhi likiipiga! Kitako hupoteza sehemu ya umeme kama joto, na joto hilo liko mgongoni mwa simu. Wakati huohuo simu inatafuta GPS, inatumia bando, inabana video na kuirusha. Ikizidiwa na joto hupunguza kasi yake yenyewe, na video huanza kuchelewa mpaka redio inakata. Dalili yake ni simu kuwa ya moto na kuacha kuchaji.

Kwa waya, data na umeme hupita njia moja ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Hata USB 2.0 ya kizamani hubeba hadi megabiti 480 kwa sekunde, nyingi mno kwa ramani. Simu bado hubana video na hupata joto la kuchaji, lakini joto la kitako halipo, na haina haja ya kurusha chochote kwa redio. Alipotumia waya, simu akaiweka kivulini, haikukata tena.

Waya nao una ugonjwa wake, ila unajionyesha: hukata ukipita tuta au shimo. Piga muziki, tikisa plagi taratibu. Ukikatika, safisha kwanza tundu la simu kwa kijiti cha meno cha mbao, simu ikiwa imezimwa, maana vumbi la mfukoni hushindilia humo na plagi haifiki mwisho. Redio isipoiona simu kabisa ingawa inachaji, huenda huo ni waya wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data. Tafuta wa data, usiozidi mita 1.