Usimkimbizie mtoto kwenye kochi

Wiki ya Unyonyeshaji, kila mwanzo wa Agosti, kliniki yetu hapa Dar es Salaam hujaa maswali ya maziwa. Safari hii mama mmoja wa Mbagala, mwenye mtoto wa wiki tano, alitueleza kwamba ikifika saa nane usiku hushuka kitandani akanyonyeshee kwenye kochi, maana anaogopa kumlalia mwanawe. Nia njema, mahali pabaya.

Mama aliyechoka akisinzia kwenye kochi, mkono hulegea na mtoto huteleza taratibu hadi katikati ya mwili wa mama na egemeo. Uso huzama kwenye sponji, au kidevu hugota kifuani na kubana njia ya hewa, ambayo bado ni nyembamba na laini. Halii. Narudia kwa sababu tunabishiwa kila siku: mtoto anayekosa hewa hivyo hapigi kelele, na wala hajachukuliwa na jini.

Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 ulikuta kulala na mtoto kwenye kochi kunaongeza hatari ya kifo cha ghafla takriban mara 18. Kulala naye baada ya pombe kulitoa namba hiyohiyo, kwa kipimo ambacho chupa moja ya bia ya nusu lita hukivuka. Kwa hiyo "moja tu" ya baba inahesabika. Mvutaji naye asilale na mtoto, hata kama sigara anavutia nje. Vilevile dawa za mafua zinazoleta usingizi. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5 asilale kitanda kimoja na mtu yeyote.

Kifo cha ghafla nyumbani hutolewa taarifa polisi, na daktari anaweza kuuchunguza mwili kabla ya mazishi. Kuchunguzwa si kushtakiwa, msifiche.

Kwa mama yule tulianza na godoro dogo gumu, pembeni ya kitanda chake, chandarua kikiwa kimekazwa. Huko ndiko mtoto anakolala, chali, bila mto. Lakini chumba ni kimoja na uchovu ni uleule, kwa hiyo tulipanga pia usiku atakaosinzia. Ananyonyesha kitandani akiwa amelala ubavu, mito na blanketi zimeondolewa karibu na mtoto, hakuna mwanya ukutani. Mtoto yuko usawa wa titi, magoti ya mama yamekunjwa chini ya miguu ya mtoto, mkono wa mama umelazwa kitandani upande wa juu wa kichwa cha mtoto. Akizinduka, saa yoyote, anamrudisha kwenye godoro lake.

Baba hunywa Jumamosi. Siku hiyo yeye ndiye analala kwenye kochi.