Kwa nini muhtasari wa ripoti hupishana na ripoti yenyewe?

"Inakuwaje mshauri elekezi aandike jambo moja kwenye muhtasari na jingine ndani ya ripoti, na sisi tunaoipokea tutagunduaje kabla ya kusaini?" Swali hili limeulizwa na katibu wa chama cha wafugaji nyuki, Sikonge, mkoani Tabora.

Mara nyingi chanzo ni mpangilio wa kazi, si hila. Rasimu inapokamilika, kiongozi wa timu huandika muhtasari, wakati aliyechambua takwimu ni mtu mwingine. Rasimu inapelekwa kwenye kikao cha wadau, maoni yanatolewa, madodoso yenye kasoro yanaondolewa, hesabu zinarudiwa na majedwali yanabadilika. Kwa sababu siku ya kukabidhi kazi imekaribia, kila mmoja anarekebisha sura yake, na kurasa za mwanzo zinabaki na namba za rasimu. Sababu nyingine ni kufupisha kwenyewe. Sentensi ndefu inapobanwa, kinachodondoka kwanza ni masharti: ni akina nani hasa waliohesabiwa, kwa kipimo gani, na kwa uhakika kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye namba nyepesi. Mshauri amefanya utafiti wa mizinga ya kisasa Sikonge, na muhtasari wake una sentensi hii: "Asilimia 62.5 ya wafugaji nyuki wameongeza mavuno baada ya kupata mizinga ya kisasa, ambayo kila mmoja hutoa wastani wa lita 14 za asali kwa msimu." Ukiisoma haraka haina kasoro. Ukiipeleka ndani ya ripoti, inavunjika sehemu tatu.

Anza na asilimia. Kila asilimia uiulize: ya nani? Jedwali la ndani linaonyesha kwamba waliohojiwa walikuwa 240. Wenye mizinga ya kisasa walikuwa 96, na katika hao 96, waliosema mavuno yameongezeka ni 60. Gawanya 60 kwa 96 unapata asilimia 62.5, kwa hiyo namba yenyewe ni sahihi. Lakini muhtasari unasema "wafugaji nyuki", na ukigawanya 60 kwa wafugaji wote 240 unapata asilimia 25. Kosa la aina hii huwapita hata wakaguzi wazuri, kwa sababu ukiitafuta 62.5 ndani ya ripoti unaikuta, unaweka tiki na kusonga mbele. Usikague namba peke yake. Kagua namba pamoja na jina la kundi linaloibeba. Na hao 60 walisema tu kwamba mavuno yameongezeka, hakuna aliyewapimia. "Wamesema wameongeza" na "wameongeza" ni madai mawili tofauti.

Kipimo ndicho cha pili, na kwenye asali ndicho kinacholeta hasara ya fedha. Ripoti ndani inasema kilo 14 kwa mzinga. Muhtasari unasema lita 14. Aliyewahi kubeba ndoo ya asali anajua si sawa na ndoo ya maji: lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na ndoo ya lita 20 ikijaa inakaribia kilo 28. Tuseme chama kina mizinga 500. Kwa kilo 14 kila mmoja, mavuno ni kilo 7,000, yaani kama lita 5,000, nazo zinaingia kwenye ndoo 250. Ukiamini muhtasari, una lita 7,000 na unahitaji ndoo 350. Hapo chama kinanunua ndoo 100 za ziada na, kibaya zaidi, kinamwahidi mnunuzi asali ambayo haipo.

Sehemu ya tatu haina namba, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote. Sura ya hitimisho inaeleza kwamba waliopewa mizinga ya kisasa ndio hao hao waliopewa mafunzo ya kuvuna, kwa hiyo haikuwezekana kujua ongezeko limetokana na mzinga au mafunzo. Muhtasari unasema wameongeza mavuno "baada ya kupata mizinga", na mistari michache chini yake unapendekeza halmashauri inunue mizinga zaidi. Mafunzo hayatajwi kabisa. Diwani anayesoma kurasa mbili tu atapitisha bajeti ya mizinga bila mafunzo, jambo ambalo utafiti haukulipima. Kwa hiyo pigia mstari maneno yanayobeba uzito wa dai: imesababisha, imeongeza, inahusiana na, huenda, baadhi, wengi. Kama ndani ni "huenda" na mbele ni "imesababisha", hilo ni kosa sawa na namba iliyokosewa.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Chapisha muhtasari peke yake, uweke pembeni ya ripoti. Zungushia kila namba, kila jina la kundi au mahali, na kila dai. Pembeni ya kila kimoja andika ukurasa na jedwali kilikotoka. Kwenye PDF, Ctrl+F itakusaidia, ila tafuta kwa sura zaidi ya moja: 62.5, 63, hata "theluthi mbili". Kumbuka pia kwamba grafu iliyobandikwa kama picha kwa kawaida haitafutiki, na mara nyingi picha hiyo ndiyo iliyobaki kutoka rasimu ya zamani. Ifungue kwa macho, uilinganishe na jedwali lake. Dai lisilo na ukurasa wa kuandika pembeni halina nyumba ndani ya ripoti. Liwekee alama nyekundu.

Ukimaliza, geuza safari. Soma hitimisho na sehemu ya mapungufu ya utafiti, kisha uliza kipi muhimu hakikufika mbele. Wengi hukagua upande mmoja tu, kutoka muhtasari kwenda ndani, na hawaoni kilichoachwa. Kama mizinga ya kisasa ilihamwa na nyuki kwenye vijiji kadhaa na muhtasari haukusema, hakuna namba itakayokuonyesha pengo hilo.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Unapima kukubaliana, si ukweli: muhtasari na jedwali vinaweza kukubaliana vikawa vyote vimekosea. Na jedwali likipingana na maelezo yaliyo chini yake, usichague mwenyewe lipi ni sahihi. Mwombe mshauri arudi kwenye takwimu ghafi.

Maoni unayomrudishia yawe mafupi na yenye anwani: "Muhtasari, aya ya 2: asilimia 62.5 ya wafugaji nyuki. Jedwali la mavuno: 60 kati ya 96 wenye mizinga ya kisasa. Tafadhali taja kundi sahihi." Usimwandikie "muhtasari haueleweki", kwani atabadilisha lugha na kuacha kosa. Toleo jipya likirudi, angalia sehemu ulizoonyesha, halafu fuata pia sentensi zilizozitegemea. Lita zikishakuwa kilo, makadirio ya mapato na idadi ya ndoo kwenye mapendekezo lazima nayo yasogee. Kama hayakusogea, usisaini bado.