Mzee hakusema hivyo: rekodi moja, lugha tatu

Rekodi ilikuwa ya dakika 38, mkutano wa wavuvi kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya jiji la Mwanza. Simu iliwekwa mezani, upepo wa ziwa ukapiga, na watu wakazungumza kama wanavyozungumza huku kwetu. Mwenyekiti alifungua kwa Kiswahili, mzee mmoja akajibu kwa Kisukuma, mtafiti mgeni akaeleza jambo lake kwa Kiingereza, na mama mchuuzi wa dagaa akachanganya atakavyo. Kitengo chetu cha kumbukumbu za sauti kilitakiwa kuandika maneno yote ya mkutano.

Niliingiza faili zima kwenye Whisper, modeli ya kunukuu sauti ambayo OpenAI waliitoa mwaka 2022. Maandishi yalitoka yote kwa Kiswahili, tena kizuri. Nilikaribia kuyapeleka yalivyo. Kijana anayetusaidia kazi, Msukuma wa Magu, akayasoma huku akisikiliza sauti, akavua spika za masikioni.

"Mama, huyu mzee hakusema hivyo. Na mgeni naye hakuongea Kiswahili hata neno moja."

Kosa lilikuwa langu. Usipoitajia Whisper lugha, husikiliza sekunde 30 za mwanzo tu, hukata shauri kuwa lugha ni fulani, kisha hunukuu rekodi yote kwa lugha hiyo. Mwenyekiti ndiye aliyefungua, basi wote wakawa Waswahili. Kiingereza cha mgeni kilikuwa kimetafsiriwa kimyakimya. Hili ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu msomaji halioni: sentensi zimenyooka, ila hakuna aliyezitamka. Kisukuma cha mzee kiliacha alama. Alizungumza karibu dakika nne, maandishi yake yakawa mistari michache, na mmoja kati ya hiyo ulijirudia mara tano. Ukiona muda mrefu na maneno machache, au sentensi inayojirudia kama santuri iliyokwama, rudi usikilize.

Tukaanza upya. Kwanza tulikata rekodi pale watu wanaponyamaza, tukatenga na sauti ya kila msemaji, kwa sababu lugha hubadilika mara nyingi msemaji anapobadilika. Kisha kila kipande kikapimwa lugha peke yake. Mashine haitoi jina moja tu. Hugawa uwezekano kwa kila lugha iliyomo kwenye orodha yake, na jumla lazima iwe 1. Vipande vya mwenyekiti vilipata `sw` kwa 0.95 hivi, vya mgeni `en` kwa 0.98. Hapo hapakuwa na mjadala, na kila kundi likanukuliwa kwa lugha yake:

```
whisper mwenyekiti_03.wav --language sw --task transcribe
whisper mgeni_01.wav --language en --task transcribe
```

Kwa mzee mambo yalikuwa mengine. Kipande chake cha kwanza kilipata `sw` 0.46, kilichofuata `sn` 0.38, na kingine `ln`. Yaani ndani ya dakika moja mzee wetu alikuwa Mswahili, akawa Mshona wa Zimbabwe, kisha akavuka Kongo akazungumza Kilingala. Tulicheka, lakini jibu limo humo humo. Kisukuma hakimo kwenye orodha ya Whisper, yenye lugha karibu mia, na mashine haina ruhusa ya kusema "sijui". Inapobanwa hukimbilia ndugu wa karibu, na hao wote ni Kibantu. Namba ndogo zinazorukaruka kwa msemaji yuleyule ni dalili kwamba lugha yake haimo kwenye orodha.

Kwa hiyo tuliiwekea kapu la "sijui" sisi wenyewe: kipande chochote ambacho lugha yake ya kwanza haikufika 0.8 hakinukuliwi na mashine, kinasubiri mtu. Kiwango hicho si sheria; tulikichagua baada ya kusikiliza vipande kadhaa vya rekodi hii. Wala si kinga kamili. Kipande kimoja cha mzee kilipita kwa `sw` 0.9, kwa kuwa alikuwa akitaja leseni, injini, faini na tarehe, maneno ambayo Msukuma huyasema kwa Kiswahili hata akiwa katikati ya Kisukuma. Ndiyo maana kapu pekee halitoshi: msemaji ambaye vipande vyake vingi vimeangukia kapuni, sikiliza na vile vilivyopita.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitumie modeli yenye orodha ndefu zaidi. Zipo. MMS ya Meta, ya mwaka 2023, hutambua lugha zaidi ya 4,000. Lakini orodha ikirefuka, ndugu wanaofanana huongezeka pia, na sikio la mwenyeji bado linahitajika. Kijana wetu hakuhitaji hata sekunde mbili. Alisikia "mhola" ikitamkwa kwa ile pumzi inayotoka puani, sauti ambayo Kiswahili hakina, akasema hiki ni Kisukuma.

Sekunde mbili hizo kwa mashine ni tatizo. Kipande kifupi, mfano mtu anayejibu "wabeja" na kunyamaza, hakina sauti ya kutosha kupimwa. Whisper hukijaza ukimya mpaka kitimie sekunde 30, na jibu lake huwa la kubahatisha. Vipande vya chini ya sekunde tatu tulivipa lugha ya majirani wake wa pande zote mbili, mradi msemaji ni yuleyule. Gharama yake ni kwamba neno moja la lugha nyingine linaweza kumezwa. Kwa kumbukumbu za mkutano tulikubali. Kama ningekuwa nachunguza jinsi watu wanavyochanganya lugha, nisingekubali.

Mama wa dagaa ndiye aliyetushinda kumkata. Alianza sentensi kwa Kisukuma, akataja bei, "elfu thelathini na tano", akamalizia kwa Kisukuma, bila kupumua. Hakuna ukimya wa kukata hapo. Tuliamua lugha ya sentensi kwa kuangalia kitenzi: viambishi vyake ni vya nani? Kama ni vya Kisukuma, sentensi nzima ikaandikwa ya Kisukuma, na bei ikabaki mgeni ndani yake. Vivyo hivyo, mwenyekiti akisema "nimemtumia meseji", hicho ni Kiswahili, wala hatukihesabu kuwa Kiingereza.

Vipande vya kapuni tuliviandika kwa mkono katika programu ya ELAN, ambayo huweka maandishi kwa matabaka chini ya sauti. Tabaka la kwanza lilikuwa maneno yenyewe, la pili alama ya lugha (`suk`, `swh`, `eng`), la tatu tafsiri. Tafsiri haikuruhusiwa kupanda juu na kukaa mahali pa maneno ya mtu.

Mwisho tulipima makosa kwa muda, si kwa idadi ya vipande. Vipande hamsini vya "ndiyo" na "sawa" vikiwa sahihi hupendezesha hesabu, na dakika nne za mzee zikipotea hazionekani. Dakika hizo nne zilimchukua kijana asubuhi nzima. Kumbe mzee alikuwa akieleza ni lini nyavu za kokoro zilionekana tena mwaloni hapo, na mwezi alioutaja haukuwa popote kwenye maandishi yale mazuri ya kwanza. Sehemu moja bado tumeiandika [haisikiki]: boti iliwashwa injini, na yeye hakusubiri ipite.