Macho yanapolitangulia neno

Nasikia eti mtu akisikiliza sentensi huku anatazama picha, macho yake hukimbilia kitu kabla hakijatajwa. Ni kweli? Ina maana ubongo tayari unalijua neno linalokuja?

La kwanza ni kweli, na lilipimwa vizuri mwaka 1999 na Gerry Altmann na Yuki Kamide katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza. La pili limetiwa chumvi nyingi mno.

Mbinu yenyewe ni ya zamani kidogo. Mwaka 1974 Roger Cooper aliona kwamba watu wanaosikiliza hadithi huku wametazama picha hupeleka macho kwenye kile kinachotajwa. Wazo hilo lilikaa kama limesahauliwa hadi mwaka 1995, Michael Tanenhaus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipolifufua wakiwa na vifaa bora vya kufuatilia macho. Inafaa kwa sababu ya udhaifu wa jicho lenyewe. Ni sehemu ndogo tu katikati ya retina inayoona kwa ukali, eneo linalokaribia upana wa ukucha wa dole gumba ukiunyoosha mkono mbele yako. Ili tuione dunia nzima, jicho huruka mara tatu au nne kila sekunde, na mirukaruko hiyo karibu yote hatuitambui. Ukimuuliza mtu anafikiria nini, atachagua jibu. Macho hayana subira hiyo.

Altmann na Kamide waliwaonyesha washiriki picha ya mvulana ameketi sakafuni, amezungukwa na keki, treni ya kuchezea, gari la kuchezea na mpira. Kisha wakawasikilizisha moja kati ya sentensi mbili za Kiingereza: mvulana atakula keki, au mvulana atasogeza keki. Picha ni ileile na keki ni ileile, kilichobadilika ni kitenzi. Vitu vyote vinne vinasogezeka, lakini kinacholika ni kimoja tu.

Hapa saa ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Jicho haliruki papo hapo: kuuandaa mruko mmoja huchukua yapata milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Mfikirie kipa anayesubiri penati. Ukimwona yuko hewani wakati mguu wa mpigaji ndiyo kwanza unaugusa mpira, hakuna haja ya kumuuliza kama aliuona mpira ulikoelekea. Hakuuona. Mwili wa kipa hauwezi kuondoka ardhini bila maandalizi, kwa hiyo uamuzi ulifanyika mapema, kwa kutazama kitu kingine: nyonga ya mpigaji, hatua zake za mwisho, mguu anaosimamia. Vivyo hivyo kwa jicho. Likitua kwenye keki kabla sauti ya kwanza ya neno hilo haijasikika, halikusukumwa na neno hilo. Limesukumwa na kilichosikika kabla yake, yaani kitenzi na aliyetajwa kuwa atakitenda.

Basi walihesabu ni mara ngapi washiriki waliitazama keki kabla haijaanza kutajwa. Sentensi ilipokuwa ya kula, ilitokea katika asilimia 54 ya majaribio. Ilipokuwa ya kusogeza, asilimia 38.

Hiyo 38 ndiyo inayorukwa na wengi wanaosimulia jaribio hili, nao wakabaki na picha ya ubongo unaopiga ramli. Macho hutangatanga. Kwenye skrini yenye vitu vichache, keki itaangaliwa tu, hata kama sentensi haijadokeza chochote. Kwa hiyo ushahidi wa utabiri haumo katika 54 peke yake. Umo katika pengo kati ya namba hizo mbili. Na kumbuka upande wa pili: katika karibu nusu ya majaribio ya kula, jicho halikuwahi kufika kwenye keki kabla ya kutajwa. Washiriki wa jaribio hilo walikuwa na kazi ya kuamua kama sentensi inalingana na picha. Walipoondolewa kazi hiyo katika jaribio la pili, namba zilishuka hadi 32 dhidi ya 18. Pengo lilibaki, ila huu si mtambo unaofanya kazi kila mara bila kukosa.

Kosa la pili ni kudhani jicho lililotua kwenye keki linathibitisha kwamba ubongo umelitabiri neno “keki”. Kitenzi cha kula kinakataza treni na mpira. Kinachobaki ni kitu kinacholika, na kwa bahati ya mchoraji kipo kimoja. Kipa naye husaidiwa na goli kuwa na pande mbili tu. Katika mazungumzo ya kawaida, “atakula” inaweza kufuatwa na ugali, samaki, embe au rushwa, wala hakuna aliyetuwekea picha nne mezani. Kwa hiyo jaribio linaonyesha kwamba maana ya kitenzi hutumika mara moja, bila kungoja sentensi iishe. Kwamba neno lenyewe na sauti zake vimeshaandaliwa kichwani, hilo halionyeshi.

Unaweza pia kusema basi ni mazoea tu, “kula” inaamsha vyakula, yameisha. Kamide, Altmann na Sarah Haywood walilijaribu hilo mwaka 2003 kwa picha ya uwanja wa burudani yenye mwanamume, msichana mdogo, pikipiki na bembea ya kuzunguka. Kitenzi kilikuwa kilekile cha kupanda chombo. Aliyetajwa alipokuwa mwanamume, macho yalielekea zaidi kwenye pikipiki. Alipokuwa msichana, kwenye bembea. Kitenzi peke yake kisingeweza kuleta tofauti hiyo. Lazima kiungwe na mtendaji, na kiungwe haraka.

Tokeo ninalolipenda kuliko yote ni la Altmann, mwaka 2004. Picha ya mwanamume, mwanamke, keki na gazeti iliondolewa, skrini ikabaki tupu, ndipo sentensi ya mwanamume atakayekula keki ikaanza. Macho yaliruka vilevile, kuelekea pale keki ilipokuwa, mahali pasipo na kitu.

Tatizo kubwa zaidi ni nani anayeketi mbele ya kamera. Kwa kawaida ni wanafunzi wa vyuo vikuu, watu waliosoma maelfu ya kurasa. Ramesh Mishra, Falk Huettig na wenzao walikwenda kwa wasemaji wa Kihindi nchini India, wenye elimu na wasiosoma sana, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Katika lugha hiyo kivumishi hutangulia nomino na kinaweza kuonyesha kama nomino hiyo kisarufi ni ya kike au ya kiume, hivyo dokezo hufika mapema. Waliosoma walipeleka macho kwenye kitu husika kabla hakijatajwa. Wasiosoma sana walifika baadaye kwa zaidi ya sekunde moja, neno lenyewe likiwa linasikika. Sababu bado inabishaniwa: huenda kusoma hunoa utabiri, huenda ni kasi ya jumla ya kuchakata taarifa, huenda ni kutozoea kuketi mbele ya skrini. Lakini hao nao ni watu wanaozungumza Kihindi kila siku, nao walikipata kitu kilichotajwa, ila walingoja kitajwe.